Mrudishe mama Wete: hadithi ya kusubiri barua inavyoandikwa

"Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi fupi ya nesi wa hospitali ya Wete, Pemba, aliyeomba uhamisho wa kuja Unguja. Yeye, mumewe na watoto wao wawili wamehamia Bububu kwa wifi yake, watoto wameanza skuli mpya, na wote wanasubiri barua ya majibu kwa miezi saba. Nimeandika kurasa 11. Kila anayesoma ananambia mwanzo mzuri, halafu inalala. Miezi saba ya kusubiri inaandikwaje isimchoshe msomaji? Na barua yenyewe niiweke wapi?"

Marahaba, mwanangu. Rasimu uliyoniambatishia nimeisoma yote na nikairudia, na nakwambia mapema kuwa nimeipenda. Mwanaidi, nesi wako, ni mtu, si kikaragosi. Waliokwambia hadithi inalala wamesema kweli, ila inalala kwa sababu ambayo huenda hujaiona: kuna kosa la kazi ya serikali katika ukurasa wa kwanza, na kosa hilo ndilo linaloua kurasa zote zinazofuata.

Mtumishi wa serikali akiomba uhamisho hafungi virago siku hiyo hiyo. Anabaki kituoni kwake mpaka barua itoke. Akiondoka bila ruhusa ni mtoro, na mshahara unasimama. Likizo ya mwaka haifiki popote karibu na miezi saba. Kwa hiyo msomaji yeyote aliyewahi kufanya kazi ya umma, na hapa kwetu ni wengi, akimkuta nesi wa Wete anakaa barazani Bububu tangu Januari hadi Julai ataanza kujiuliza: analipwa na nani? Nani anashika zamu yake wodini? Wewe huna jibu, kwa hiyo unamfungia Mwanaidi ndani ya nyumba ya wifi, anafua, anapika, anatazama mlango. Mtu aliyefungiwa ndani hana cha kufanya, na mtu asiyekuwa na cha kufanya hawezi kuibeba hadithi.

Mrudishe Wete. Mumewe ni fundi seremala, wewe mwenyewe umeandika kuwa amepata kazi mjini. Basi yeye ndiye aliyetangulia, na watoto wamekwenda naye kwa kuwa skuli hufunguliwa Januari na hakuna aliyetaka kuwahamisha katikati ya mwaka wa masomo. Walidhani barua ya mama ingechelewa wiki chache tu. Watoto wakapata barua zao za uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu wa zamani, zikapokelewa Bububu, jambo likaisha. Ya mama ikabaki njiani. Mama yuko upande mmoja wa bahari na wanawe upande wa pili, na kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka na zamu ikiruhusu, hupanda gari ya Wete hadi Chake, ya Chake hadi Mkoani, na boti mpaka Malindi, bandari ya mjini Unguja.

Tazama mabadiliko haya yanakupa nini. Kusubiri hakuandikiki peke yake, kwa sababu kunakaa pale pale. Kinachokwenda ni skuli. Barua haisogei, watoto wanasogea, na kila hatua wanayosogea inapandisha gharama ya jibu lolote litakalokuja. Mwezi wa kwanza, jibu la "hapana" lingemaanisha kuwarudisha watoto wanaolia kutaka kurudi kwao. Mwezi wa saba lina maana ya kuwang'oa watoto waliokwisha kupata marafiki. Barua ni ile ile. Hadithi yako iko katika tofauti hiyo, na ili msomaji aione lazima awepo mtu anayeiona kwa kuruka, akikosa siku za katikati. Mama wa Wete anawaona wanawe mara moja kwa mwezi, na kila akija anakuta watoto ambao si wale aliowaacha. Umepata maonyesho yako bila ya kuyalazimisha: ni zile safari zake.

Si safari zote saba, lakini. Chukua mbili kabla ya barua na moja baada yake. Nyingine zipitishe kwa sentensi. Katika rasimu yako kila mwezi umepewa ukurasa mmoja na nusu, Februari sawa na Mei, Mei sawa na Juni, na hapo ndipo macho ya msomaji yanapozidi kuwa mazito. Kama hadithi ina maneno 3,000, mimi ningeupa mwachano wa bandarini maneno 400, safari ya kwanza 500, safari ya pili 600, barua 200, na karibu 1,000 ningeyaacha kwa siku ile anayovuka akiwa na barua mkobani. Maneno mia tatu yanayobaki ni ya madaraja, na ni hayo yanayobeba miezi minne au mitano. Usiogope. Msomaji hadai miezi yake.

Daraja linajengwaje? Kiswahili kimetupa zana ambayo hukuitumia hata mara moja. Umeandika "alipiga simu", "alipiga tena simu", "wiki iliyofuata alipiga simu". Anza na hu- ya mazoea, iache ikimbie kidogo, kisha ikate kwa usiku mmoja. Hivi:

"Kila usiku baada ya isha Mwanaidi humpigia mumewe, mumewe humpa simu Raya, Raya humpa Suleiman, na Suleiman husema 'sijambo' akairejesha. Ndivyo ilivyokuwa kaskazi yote. Usiku mmoja wa masika, mvua ikipiga bati hata akalazimika kuziba sikio la pili, Suleiman hakuirejesha simu. Alikuwa na habari ya goli."

Sentensi nne tu na miezi miwili imepita, na mtoto amebadilika mbele yetu. Kaskazi na masika zimefanya kazi ya kalenda, kwa hiyo huna haja ya kuandika tarehe juu ya kila kipande kama ulivyofanya. Kipupwe kikiingia, Juni, mtie Raya sweta ya shangazi yake, na msomaji atajua tulipo.

Sasa skuli yenyewe, maana hapa ndipo nina mengi ya kukwambia. Nimefundisha miaka mingi kabla ya kuhariri, na watoto wahamiaji nimewapokea darasani mwangu. Katika rasimu yako watoto wanaizoea skuli kwa kupata rafiki: siku moja wako peke yao, siku ya pili wanacheza. Haiendi hivyo. Mtoto mgeni huzoea kwanza mahali: akae dawati gani, choo kiko wapi, bomba lipi linatoa maji, muuza ubuyu anakaa upande gani wa geti. Halafu hupata jina, na mara nyingi jina lenyewe hajalichagua. Mtoto aliyetoka Wete akaingia skuli ya Bububu ataitwa "Mpemba" kabla ya mapumziko ya siku ya kwanza. Suleiman wako, miaka saba, darasa la pili, ataliambia jina hilo mama yake kwenye simu kwa kilio. Liandike. Kisha liache likae. Mwezi wa tano mama akiwa Bububu asikie mtoto anaita nje, "Mpemba! Mpemba, twende!" na Suleiman anatoka mbio bila ya kuvaa viatu. Usiseme neno lolote juu yake.

Na kitu cha mwisho mtoto mgeni anachokipata ni ugomvi. Mtoto ambaye hajazoea hagombani na mtu. Hukubali kila kitu, hutoa penseli yake akiombwa, hukaa anapoambiwa. Mwalimu mwenye macho hujua mtoto ametulia siku anapoletwa mbele kwa kosa la kumsukuma mwenzake kwenye foleni. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha kuwa Suleiman sasa ni wa Bububu, mwache mwalimu ampigie baba yake simu kushitaki. Mwanaidi akiipata habari hiyo wodini Wete, acheke, na mwenzake wa zamu amuulize kuna nini, na yeye ashindwe kueleza kwa nini ushitaki ule ni habari njema na kwa nini, dakika moja baadaye, umemtia hofu.

Raya ni mwengine. Ana miaka kumi na moja, na katika rasimu yako yeye ndiye asiye na taabu: daftari safi, mwalimu anamsifu, nyumbani anamsaidia shangazi. Umemwandika kama mtoto aliyezoea haraka. Mimi ninavyomjua mtoto wa namna hiyo, huyo ndiye aliyechelewa kuliko wote. Amejipa kazi ya mama. Anaripoti kwa simu: "Suleiman amekula, Suleiman kakohoa jana, sare yake nimeifua." Habari zake mwenyewe hazimo. Katika safari ya kwanza mama afurahi kuwa Raya hana tatizo. Katika safari ya pili aulize jina la rafiki yake mmoja tu, na Raya ataje jina la mwalimu. Hapo huhitaji machozi. Nakuomba ulifute lile onyesho la Raya kulia chooni. Mama hawezi kuliona, na hadithi hii inaonwa na mama tu.

Hilo la nani anaona lishike kwa mikono miwili. Ukishamweka Mwanaidi Wete, usiingie darasani Bububu hata mara moja. Skuli imfikie kwa vitu: sauti ya simuni, sare iliyobana mabegani, daftari lenye mwandiko wa mtoto mwengine ndani yake, lahaja ya kwao inayopungua mdomoni mwa Suleiman wiki hadi wiki. Kinachotokea darasani kitabaki kikubwa kwa sababu hatukioni.

Kuna kitu kimoja umekitaja kwa nusu sentensi kisha ukakiacha, na mimi nilisimama hapo. Umeandika kuwa Raya anasoma mkondo wa asubuhi na Suleiman wa mchana, na wana mkoba mmoja. Skuli ambazo watoto ni wengi kuliko vyumba ndivyo zilivyo, wengine hutoka wengine wakiingia. Basi saa saba hivi za mchana, getini, dada anautoa mkoba begani na kumvisha ndugu yake. Anatoa daftari zake, anazikumbatia kifuani, anatia za Suleiman. Hapo ndipo mahali pekee kwa siku nzima wanapoonana nje ya nyumba. Mwanaidi alione hilo katika safari ya kwanza: Raya anamfunga mdogo wake kifungo cha juu, anamsukuma ndani ya geti, anabaki amesimama. Katika safari ya pili Suleiman hautaki mkoba, kwa kuwa una maua, na wenzake wapo wanatazama. Anataka mfuko wa plastiki. Mtoto aliyeanza kuona haya mbele ya wenzake ni mtoto mwenye wenzake. Mkoba huo unafanya kazi kubwa kuliko kurasa zako tatu za ndoto za bahari. Ndoto zitoe.

Sasa barua. Kwako analeta mtu wa posta, anabisha hodi, anampa Mwanaidi bahasha mlangoni. Kwa kawaida sisi hatuletewi barua milangoni. Barua zetu huenda kwenye sanduku la posta, na ya serikali haimfuati mtumishi nyumbani. Maombi yake yalipanda kupitia kwa wakubwa wake, kila mmoja akatia maoni yake na saini, na majibu hushuka kwa ngazi hizo hizo mpaka ofisi ya hospitali yake, ambako huingizwa kwenye daftari kabla ya kumfikia yeye. Maana yake ni kuwa kuna watu watakaoijua barua yake kabla yake. Karani anaijua. Huenda mwenzake wa zamu ameshaambiwa. Mwanaidi anaingia wodini asubuhi na watu wanamwamkia kwa uchangamfu usio wa kawaida. Hilo ni onyesho zuri kuliko hodi yoyote, na ni la kweli.

Maneno ya barua yaandike kwa lugha yake, na machache. Hapa umeandika aya nzima ambamo mkubwa anamweleza Mwanaidi kwa upole sababu za uamuzi. Barua za ofisi hazina upole wala ukali. Zina kumbukumbu namba, kichwa cha habari, na amri:

"YAH: MAOMBI YA UHAMISHO. Tafadhali husika na mada ya hapo juu. Maombi yako ya uhamisho kwenda Unguja yamekubaliwa. Unatakiwa kuripoti Hospitali ya Makunduchi tarehe 1 Agosti. Nakutakia kazi njema."

Ndiyo, nimelibadilisha jibu, na nadhani utaniuliza kwa nini. Rasimu yako ilikuwa na "hapana", na mwisho wake familia nzima inalia. Msomaji alikuwa anangoja moja kati ya majibu mawili, ukampa moja, akafunga. "Ndiyo, Makunduchi" inamkuta hajajitayarisha. Ombi limekubaliwa sawasawa na lilivyoandikwa: aliomba Unguja, amepewa Unguja. Ila Makunduchi ni kusini kabisa ya kisiwa, na Bububu iko kaskazini ya mji. Zamu ya usiku Makunduchi haichanganyiki na kulala Bububu. Kwa hiyo njia alizonazo ni tatu. Wahamie wote Makunduchi, na watoto waingie skuli ya tatu ndani ya mwaka mmoja, na baba aiache kazi yake ya mjini. Au akae huko peke yake na kuja mwisho wa wiki, yaani maisha yale yale ya Wete bila ya bahari katikati. Au aombe tena, arudi mwanzo wa foleni. Hakuna aliyemdhulumu, hakuna wa kulaumiwa, na bado amekwama. Nakuhakikishia kuwa watumishi wengi watakaosoma hapo wataiona barua waliyowahi kuishika.

Uliuliza niiweke wapi. Iweke mwanzo wa theluthi ya mwisho, Mwanaidi akiwa peke yake Wete, na msomaji aisome pamoja naye. Najua kuna wanaofundisha kuwa bahasha ibaki imefungwa mpaka nukta ya mwisho. Katika hadithi hii sikubaliani nao. Msomaji amesubiri miezi saba pamoja na mama huyu. Kumnyima maneno ya barua ni kumfanyia hila. Na kuna faida kubwa zaidi ya ufundi: barua ikishasomwa, swali halibaki "watajibu nini?" Linakuwa "atawaambiaje?" Swali hilo ndilo linaloivusha hadithi kutoka Mkoani hadi Malindi, saa zote zile za boti, Mwanaidi akiwa na karatasi mkobani na watu wa kwao wakimuuliza, "Unakwenda kuwaona watoto?"

Atashuka Malindi, atapanda daladala ya 502 ya Bububu, konda atakuwa anawazuia wanafunzi mlangoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo, na yeye atamwambia konda awapishe wapande. Atafika getini saa ile ile ya kubadilishana mkondo. Raya anatoka na msichana mwengine, wanagombana kwa sauti kuhusu rula iliyovunjika. Ndiyo, Raya anagombana. Suleiman anaitwa Mpemba kutoka ndani ya ua na anakimbia.

Mwisho wako sasa unaanzia usiku, nyumbani. Mume ameisoma barua, ameikunja, hajasema kitu, kwa sababu shangazi yupo. Suleiman anauliza kama alivyouliza kila safari: "Mama, barua imekuja?" Mimi ningemwacha Mwanaidi aseme, "Bado." Jaribu. Miezi saba yeye ndiye aliyekuwa akingojeshwa na watu asiowaona, na sasa yeye ndiye anayewangojesha wengine. Lakini uwongo huo una nguvu kwa sharti moja tu: msomaji awe anakumbuka tarehe 1 Agosti na ajue leo ni tarehe ngapi. Kwa hiyo katika boti, mahali fulani, mwache ahesabu siku zilizobaki. Zikiwa tisa, "bado" ni neno litakalodumu siku tisa. Bila ya hesabu hiyo itakuwa mama anadanganya tu, na msomaji hatajua amlaumu au amhurumie kwa kitu gani. Na Raya asiamini. Asiseme kuwa haamini. Aanze kukusanya daftari za Suleiman moja moja na kuzipanga, kama alivyozipanga siku ya mwachano. Ukiona kuwa hilo linatosha, simama hapo. Ukiona huwezi kuuvumilia uwongo wake, basi aseme kweli, lakini amwambie Raya kwanza, peke yake, kama mtu mzima mwenziwe, kwani hiyo nayo ni dhulma ndogo inayostahili kuandikwa.

Ukimaliza, fanya majaribio mawili. Toa mwezi wowote mmoja uone kama mtu anaukosa. Asipoukosa, mwezi huo haukuwa na kazi. Kisha soma vipande vya watoto peke yake, kwa mpango, na katika kila kimoja tafuta jambo ambalo mtoto asingeweza kulifanya katika kile kilichotangulia. Pale usipolipata, ndipo hadithi ilipolala.

Na kabla hujaipeleka popote, mpe nesi yeyote wa hapo Wete aliyewahi kuhama asome ukurasa wa barua tu. Muulize aliipokelea chumba gani, nani aliyekuwepo, na alitia saini wapi.